Kusajili Kizazi Baada ya Miaka Mingi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Watu Wazima Ambao Wazazi Wao Hawakuwasajili

Maelezo haya yanahusu Tanzania Bara, ambako vizazi na vifo husajiliwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) chini ya Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108. Aliyezaliwa Unguja au Pemba husajiliwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, na hata kama ameishi Dar es Salaam tangu utotoni, RITA haiwezi kumwandika kana kwamba alizaliwa Bara.

Sina cheti cha kuzaliwa. Je, nahitaji kusajiliwa, au nahitaji cheti kingine tu?

Hilo ndilo swali la kwanza, na wengi hulipita wakaanza kujaza fomu isiyowahusu. Cheti cha kuzaliwa ni karatasi inayotolewa kutokana na daftari la vizazi. Ndani ya daftari hilo kila aliyesajiliwa ana mstari wake, unaoitwa ingizo, wenye namba yake. Karatasi ikiungua, ikiliwa na mchwa au ikipotea, ingizo linabaki palepale, na ofisi inaweza kukutolea cheti kingine bila kukusajili upya. Lakini kama wazazi hawakuwahi kutoa taarifa ya kuzaliwa kwako, hakuna ingizo la kunakili. Hapo unaomba kizazi chako kiandikwe kwa mara ya kwanza, na ombi la namna hiyo linahitaji ushahidi.

Kuchanganya mambo haya mawili kuna madhara. Mtu aliyesajiliwa mwaka 1985 akapoteza cheti, kisha akasajiliwa tena kama mtu mpya mwaka huu, anakuwa na maingizo mawili, na mara nyingi tarehe au herufi za majina hazilingani. Hitilafu hiyo inaweza kukaa kimya kwa miaka, ikajitokeza siku ya kushughulikia mirathi, mafao au hati ya kusafiria, na kuifuta ni kazi ndefu kuliko kusajiliwa kwenyewe.

Nitajuaje kama niliwahi kusajiliwa?

Waulize wazazi au wakubwa wa ukoo, lakini uliza kwa namna inayowasaidia kukumbuka. Ukimuuliza mama, "Mlinisajili?" atajibu ndiyo, akimaanisha kwamba aliandikwa kliniki au kwamba ulibatizwa. Muulize kama baada ya kujifungua alipewa karatasi ya kupeleka kwa mkuu wa wilaya, na kama kuna aliyeipeleka. Karatasi ambayo hospitali humpa mama aliyejifungua huitwa tangazo, na wazazi wengi waliiweka sandukuni wakiamini kuwa ndiyo cheti. Tangazo ni taarifa kwamba kizazi kimetokea. Halithibitishi kuwa kizazi hicho kiliandikwa katika daftari.

Hatua inayofuata ni kuomba upekuzi wa daftari katika wilaya uliyozaliwa, ukitaja majina yako yote, majina ya wazazi, mahali na mwaka. Toa na majina mbadala, kwa sababu karani anaweza kuwa aliandika Magreth kwa anayejiita Margareth, au jina la babu badala ya jina la baba. Ukiwa na nakala ya zamani ya cheti, hata iliyofifia, tafuta namba ya ingizo, kwani kwa namba hiyo upekuzi huwa rahisi zaidi.

Ukigundua kwamba ulisajiliwa, jambo limekuwa jepesi. Chukua taarifa ya upotevu polisi, kituoni au kupitia mfumo wao wa mtandaoni wa LORMIS, kisha uombe nakala ya cheti. Majibu yanayofuata hapa chini ni kwa wale ambao daftari halina mstari wao.

Sheria inasemaje kuhusu kuchelewa? Je, wazazi wangu watashitakiwa?

Kizazi kinapaswa kutolewa taarifa ndani ya siku 90. Baada ya hapo usajili unaendelea kuwezekana, ila masharti yanaongezeka kadiri muda unavyopita, na mpaka mkubwa zaidi ni miaka 10. Kabla ya mpaka huo shauri linabaki kwa sehemu kubwa katika ngazi ya wilaya. Ukishapita, ombi linahitaji idhini ya Msajili Mkuu wa Vizazi na Vifo, na ndiyo maana mtu mzima huambiwa asubiri hata baada ya ofisi ya wilaya kupokea na kukagua kila kitu. Ada nayo hupanda kwa makundi hayohayo. Lipa kiasi kilicho kwenye ankara yenye namba ya malipo ya serikali, wala usimkabidhi mtu fedha mkononi.

Kuhusu wazazi, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawapa wajibu wa kumsajili mtoto, lakini mtu mzima anayekwenda kuomba usajili wake hapeleki wazazi wake mahakamani. Usiwafiche wala usiwazushie kifo ili kukwepa maswali. Mama aliye hai ni shahidi mwenye nguvu kuliko barua yoyote ya mtendaji.

Ushahidi gani unakubalika, na upi una uzito zaidi?

Orodha ya viambatanisho inajulikana: cheti cha ubatizo au cha falaki, kadi ya kliniki ya utotoni, tangazo au barua ya hospitali, cheti cha kumaliza elimu ya msingi, vyeti vya sekondari, kitambulisho cha Taifa, kadi ya mpiga kura, hati ya kusafiria, barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa, na hati ya kiapo. Waombaji wengi huisoma orodha hiyo wakadhani kwamba ni jambo la wingi, wakaambatanisha kila walicho nacho. Anayekagua ombi hahesabu karatasi. Anajiuliza kila moja iliandikwa lini, na aliyeiandika alizijuaje habari alizoandika.

Kitabu cha ubatizo kilichoandikwa wiki chache baada ya wewe kuzaliwa, na karani wa parokia asiyejua kwamba miaka 35 baadaye utatafuta ajira serikalini, kina uzito kuliko kitambulisho ulichopata ukiwa na umri wa miaka 27 kwa maneno yako mwenyewe. Kadi ya kliniki yenye tarehe za chanjo ina uzito kama huo, kwa sababu mtoto hawezi kupewa chanjo kabla ya kuzaliwa. Rejista ya shule iliyoandikwa ulipoanza darasa la kwanza inafuata. Kadi ya mpiga kura na barua ya mtendaji aliyehamia kijijini mwaka jana ziko mwisho kabisa. Zinaonyesha kwamba unaishi pale na unajulikana, lakini juu ya siku ya kuzaliwa zinarudia tu ulichosema wewe.

Kwa hiyo ukiwa na karatasi mbili za zamani zinazokubaliana, ombi lako limesimama vizuri kuliko la mwenye karatasi saba zilizopatikana mwezi mmoja kabla ya kuomba. Afisa akiona viambatanisho vyote vina tarehe za mwaka huu, ana haki ya kuuliza ulikuwa wapi miaka yote hiyo.

Na kama karatasi hizo za zamani nazo zimepotea?

Hapa ndipo kazi halisi ilipo, na njia ni ileile ya cheti: karatasi imepotea, lakini kitabu ilikotoka huenda kipo.

Anza na parokia au usharika ulikobatiziwa. Makanisa mengi hutunza vitabu vya ubatizo kwa miongo mingi, na kila ingizo huwa na namba, jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya ubatizo, majina ya wazazi na ya msimamizi. Huhitaji kujua namba. Ukijua kigango, mwaka wa kukadiria na jina la msimamizi, katibu wa parokia anaweza kupitia kurasa za miaka miwili au mitatu akakupata. Omba cheti kipya cha ubatizo kinachotaja namba ya ingizo la kitabuni na kinachoonyesha wazi kwamba kimetolewa upya. Usiombe kirudishiwe tarehe ya zamani kana kwamba ndicho cha awali. Karatasi mpya inayotamka kwamba ni mpya inaaminika, na inayojidai kuwa ya mwaka 1989 huku imechapwa kwa kompyuta itakuharibia ombi zima. Kama parokia iligawanywa, vitabu vya zamani kwa kawaida hubaki parokia mama, kwa hiyo usikate tamaa ukiambiwa kanisa la kijijini kwenu lilianza kutunza vitabu mwaka 1995.

Shuleni omba barua ya mwalimu mkuu inayonukuu rejista ya uandikishaji: namba ya mwanafunzi, mwaka wa kuandikishwa, tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa pale, na jina la mzazi au mlezi. Barua inayosema tu kwamba "alisoma hapa na alikuwa na nidhamu" haina faida kwa shauri hili. Mwalimu anayeandika barua asipewe tarehe na wewe. Muombe anukuu anachokiona, hata kama si kile ulichotarajia.

Hospitali na zahanati ni bahati nasibu zaidi. Vitabu vya wodi ya wazazi vya miaka ya nyuma mara nyingi vimechakaa au vimeondolewa, lakini hospitali za misheni na baadhi za wilaya bado zinavyo. Ukienda, nenda na jina alilolitumia mama siku ile, ambalo huenda lilikuwa la ujana wake na si la mume.

Hati ya kiapo iandikweje, na aape nani?

Hati ya kiapo huapwa mbele ya kamishna wa viapo, ambaye kwa kawaida ni wakili, au mbele ya hakimu. Kosa la kawaida ni mwombaji kuapa mwenyewe kwamba alizaliwa siku fulani mahali fulani. Kiapo hutolewa juu ya mambo ambayo mwapaji anayajua mwenyewe, na hakuna mtu anayejua siku yake ya kuzaliwa kwa kuiona. Aape mama, au baba, au shangazi aliyekuwepo, au mkunga wa jadi aliyempokea mtoto. Wewe unaweza kuapa juu ya yale yaliyo ndani ya uwezo wako, kama vile kwamba majina mawili yaliyoko katika vyeti vyako ni ya mtu mmoja.

Kiapo kizuri kinaeleza mwapaji alijuaje. Linganisha sentensi hizi mbili. Ya kwanza inasema: "Naapa kwamba mtajwa alizaliwa tarehe 12 Machi 1988." Ya pili inasema: "Mimi ni dada wa mama wa mtajwa, nilikuwa nyumbani kwao alipozaliwa usiku, wakati wa mavuno ya maharage, mwaka mmoja kabla ya mwanangu wa kwanza ambaye cheti chake cha ubatizo nimekiambatanisha." Ya pili inaweza kupimwa, na hilo ndilo linaloipa uzito. Mwapaji asiyejua kusoma asomewe hati kwa lugha anayoielewa, na hati yenyewe iseme hivyo kabla ya alama ya kidole gumba. Hakikisha pia mwishoni pana mahali kilipoapwa, tarehe, na jina la kamishna. Hati isiyo na mambo hayo inaweza kurudishwa kwa kasoro hiyo pekee.

Na kiapo hakigeuki kuwa cheti cha kuzaliwa. Baadhi ya ofisi na vyuo hukipokea kwa muda, jambo linalowafanya watu wadhani wamemaliza, kumbe wameahirisha.

Tarehe zangu zinatofautiana: kanisani 1988, shuleni 1989, kitambulisho cha Taifa 1990. Niandike ipi?

Tuchukue shauri la mwanamke aliyezaliwa nyumbani katika kijiji kimoja wilayani Ludewa, kwa sababu linakusanya karibu matatizo yote. Baba yake alifariki akiwa mtoto. Mama yupo, hajui kusoma, na anakumbuka msimu lakini si tarehe. Cheti cha ubatizo kimepotea, cheti cha darasa la saba anacho, na kitambulisho cha Taifa alikipata mjini kwa kutaja mwaka ambao mwalimu mmoja wa sekondari alimwandikia ili asionekane mkubwa darasani.

Kishawishi chake ni kuomba usajili kwa mwaka 1990 ili cheti kilingane na kitambulisho. Namba ya kitambulisho cha Taifa huanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo hitilafu haifichiki: tarakimu nane za mwanzo zinasomeka kama tarehe. Lakini mwaka 1990 hauna shahidi hata mmoja nyuma yake. Kitabu cha parokia, alipokifuatilia, kilionyesha kwamba alibatizwa Aprili 1988. Mtu hawezi kubatizwa miaka miwili kabla ya kuzaliwa. Mwaka wa shule, 1989, nao ulielezeka: rejista ilikuwa na mwaka tu, bila siku wala mwezi, dalili ya wazi kwamba mwalimu alikadiria umri wakati wa kuandikisha.

Alichopaswa kufanya ni kuomba usajili kwa tarehe ya kitabu cha parokia, kisha kuieleza hitilafu badala ya kuificha. Mama aliapa juu ya kuzaliwa, kwa msimu na kwa mpangilio wa watoto wake. Yeye mwenyewe aliapa juu ya namna mwaka 1990 ulivyoingia katika kumbukumbu zake. Barua ya mwalimu mkuu ilinukuu rejista kama ilivyo. Cheti kikishatoka, kitambulisho ndicho kinachopelekwa NIDA kurekebishwa, na cheti kinakuwa ushahidi wa marekebisho hayo. Ajira, benki, bima na mfuko wa hifadhi ya jamii zifuate baada ya hapo, kwa maana zote zinasoma kutoka NIDA.

Ni njia ndefu, na wapo watakaokushauri ulinganishe kila kitu na kitambulisho ili upate cheti upesi. Ushauri huo una kasoro moja kubwa: unakutaka uape uongo, na kuapa uongo ni kosa la jinai, lako na la mama yako aliyeweka kidole gumba. Kwa mtumishi wa umma lipo na suala la tarehe ya kustaafu, ambalo mwajiri hulitazama kwa jicho kali. Mtumishi anayeleta cheti kipya kinachompunguzia umri asitarajie tarehe yake ya kustaafu isogezwe mbele kwa sababu hiyo.

Je, majina yakitofautiana?

Tofauti ya herufi moja au mpangilio wa majina hutatuliwa kwa kiapo kinachothibitisha kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja. Mtu aliyelibadili jina kabisa, kwa mfano aliyesilimu au aliyeacha jina la babu akachukua la ukoo, anahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Usajili wa kuchelewa si nafasi ya kujichagulia jina jipya. Omba kwa majina yaliyoko katika ushahidi wa zamani, na mabadiliko yafuate kwa utaratibu wake.

Wazazi wote wamefariki. Na kama sijui baba yangu?

Wazazi wakiwa wamefariki, ambatanisha vyeti vyao vya kifo. Mara nyingi vifo hivyo navyo havikusajiliwa, na huenda ukalazimika kuanza navyo, jambo ambalo lina faida ya pembeni kwa sababu vinahitajika pia katika mirathi. Kiapo atakitoa ndugu mkubwa aliyekuwepo: bibi, mjomba, shangazi, baba mdogo. Kaka aliyekuzidi miaka miwili hawezi kukumbuka kuzaliwa kwako.

Jina la baba ni jambo zito kuliko linavyoonekana kwenye fomu. Chini ya Sheria ya Mtoto, jina lililoandikwa katika daftari la vizazi ni miongoni mwa mambo yanayozingatiwa katika kuthibitisha uzazi, na kwa hiyo linagusa matunzo na urithi. Ndiyo maana wasajili huwa waangalifu pale wazazi ambao hawakufunga ndoa hawaji pamoja. Kama baba yuko hai na anakukubali, aende mwenyewe na atie saini. Kama amefariki, tafuta kumbukumbu ya zamani inayomtaja, hasa kitabu cha ubatizo au rejista ya shule, pamoja na kiapo cha ndugu wa upande wake. Kiapo cha baba mkubwa ambaye naye ni mrithi, anayekubali kwamba wewe ni mtoto wa mdogo wake, kina nguvu sana kwa sababu anasema jambo ambalo halimnufaishi. Usiandikishe jina la mjomba au babu kama baba ili tu nafasi isibaki wazi. Kujaza kwa namna hiyo kunamfanya mama yako aonekane ni dada wa mumewe, na kurekebisha baadaye kunahitaji ushahidi mwingi kuliko kuanza vizuri.

Nilizaliwa mkoa ambao leo una jina jingine, na ninaishi mbali.

Kizazi huandikwa kulingana na mahali kilipotokea, hata kama wazazi walikuwa wa kabila au mkoa mwingine. Aliyezaliwa Ludewa mwaka 1988 alizaliwa katika Mkoa wa Iringa, kwa sababu Mkoa wa Njombe ulianzishwa mwaka 2012; vivyo hivyo kwa waliozaliwa katika maeneo ambayo leo ni Geita, Simiyu au Katavi. Kwa hiyo karatasi moja ikisema Iringa na nyingine Njombe hazipingani, lakini usimwachie mkaguzi alitambue hilo mwenyewe. Mtendaji wa kijiji aandike katika barua yake kwamba kijiji ni kilekile na mpaka wa mkoa ndio uliohama.

Ombi linaweza kuanzishwa kwa mtandao wa eRITA, hivyo si lazima ufunge safari ili kujaza fomu. Safari inayobaki ni ile ya kukusanya ushahidi, na hiyo haifanyiki kwa simu kirahisi. Ukienda kijijini kwa msiba au harusi, pitia parokiani na shuleni siku za kazi kabla ya kurudi mjini.

Ombi langu limerudishwa. Nifanye nini?

Soma sababu iliyoandikwa kabla ya kuleta karatasi nyingine. Sababu nyingi ni za kawaida kabisa: picha ya kiambatanisho haisomeki, kiapo hakina tarehe, jina la mama limeandikwa tofauti kwenye fomu, au mwombaji ameweka wilaya anayoishi mahali pa wilaya aliyozaliwa. Hizo hurekebishwa bila ubishi. Ikisemwa kwamba ushahidi hautoshi, usiongeze barua nyingine ya mtendaji, maana umeshaiweka na haikutosha. Ongeza kumbukumbu ya zamani zaidi, au shahidi mwenye ufahamu wa moja kwa moja. Ukielezwa kwa mdomo tu, omba kwa heshima uandikiwe, kwa sababu afisa utakayemkuta mwezi ujao anaweza kuwa mwingine.

Kuna mtu anasema anaweza kunipatia cheti wiki hii bila usumbufu.

Cheti cha kishoka kinaweza kuwa na mhuri mzuri na karatasi nzuri. Kinachokosekana ni ingizo katika daftari, au namba yake ni ya mtu mwingine. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hutaka vyeti vya waombaji vihakikiwe na RITA kwanza, na uhakiki huo unatazama daftari. Hapo ndipo vijana wengi hugundua, dirisha la maombi likiwa karibu kufungwa, kwamba cheti walichonunuliwa na mzazi hakipo popote.

Mwanangu ana miaka mitatu, naye hajasajiliwa.

Wake ni rahisi sana, na usiusubirishe hadi wako ukamilike. Mpango wa usajili wa watoto wa chini ya miaka mitano, ulioanza Mbeya mwaka 2013, umepeleka usajili kwenye vituo vya tiba na ofisi za watendaji wa kata, na cheti hutolewa bila malipo. Cheti hicho kilikuwa kikiandikwa kwa mkono, na ni halali hivyohivyo. Nenda na tangazo au kadi ya kliniki. Mzazi kutokuwa na cheti chake mwenyewe hakumzuii mtoto kusajiliwa.

Cheti kimetoka. Nikague nini?

Kagua ukiwa bado ofisini, mbele ya aliyekukabidhi. Soma majina yako herufi kwa herufi ukilinganisha na kiambatanisho cha zamani, si na unavyojiandika leo. Angalia tarehe, wilaya ya kuzaliwa, na majina ya wazazi. Kosa la uchapaji lililoonekana siku hiyo hutatuliwa kwa kulinganisha na fomu yako, ilhali likionekana baada ya miaka mitano linakuwa ombi la marekebisho lenye viapo vyake. Kisha nakili namba ya ingizo mahali tofauti na cheti, na mpe mtu mwingine wa familia nakala yake. Mara cheti kinapoingia kwenye mfumo, kijaribu kwa uhakiki kupitia eRITA hata kama hakuna aliyekuomba, ili kama kuna tatizo la kuhamisha taarifa ulijue wakati bado huna haraka.